Daktari, Usimwambie Mama

Mama wa miaka 58, mjane, mkazi wa Tanga, ameletwa hospitali ya rufaa ya mkoa kwa sababu anatokwa na damu ukeni, na hedhi yake ilikoma miaka mingi iliyopita. Daktari amempima, amechukua kinyama na kukipeleka maabara, na majibu yamerudi: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili B. Kabla mgonjwa hajaitwa, wanawe watatu wanabisha hodi ofisini. Anayezungumza ni yule mkubwa: "Daktari, tunakuomba sana, usimwambie mama. Presha yake iko juu. Akisikia tu neno saratani tutampoteza. Mwambie ni uvimbe wa kawaida. Matibabu tutagharamia sisi." Ungefanya nini, na kwa sababu zipi?

Swali la aina hii hukutana na wanafunzi wa udaktari na uuguzi mwaka hata mwaka, na mimi nimesahihisha majibu yake mengi. Jibu dhaifu lina sura moja. Linaanza kwa kuorodhesha kanuni nne za maadili ya tiba, linazifafanua kwa ufasaha, kisha linaruka hadi mwisho: mgonjwa ana haki ya kujua, kwa hiyo nitamwambia. Yule mama wa Tanga hayumo humo. Mwondoe, umweke kijana aliyevunjika mguu, na jibu halitabadilika hata nukta. Mwandishi wake si mvivu. Mara nyingi amesoma kuliko wenzake. Tatizo liko katika namna alivyofupisha alichosoma.

Kitabu ambacho wengi wanakifupisha kiliandikwa na Wamarekani wawili, Tom Beauchamp na James Childress, na kilitoka mara ya kwanza mwaka 1979. Kimekuwa kikiongezwa na kurekebishwa tangu hapo, na toleo la nane lilitoka 2019. Ni kitabu kinene, na kilizaliwa katika kipindi kibaya. Miaka michache tu kabla yake, mwaka 1972, Marekani ilikuwa imegundua kwamba kule Tuskegee, jimbo la Alabama, watumishi wa serikali walikuwa wamewafuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende kwa miaka 40 bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na bila kuwapa penisilini hata ilipokwisha kujulikana kuwa inatibu. Kwa hiyo kanuni zile nne zina kidonda nyuma yake. Ukizisoma kama msamiati wa kukariri, kidonda hakionekani.

Zenyewe ni hizi: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea jema, kutomdhuru, na kutenda haki baina ya watu. Katika daftari la mwanafunzi kila moja hupewa maana yake, mstari mmoja au miwili, na kazi imekwisha. Maana hizo hazikosei, ila hazina la kukufanyia ukiwa umesimama mbele ya watoto watatu wenye hofu. Mimi huwaambia wanafunzi wafunge kitabu, wachukue karatasi tupu, na kila kanuni waiandike kwa umbo la swali ambalo mtu fulani anayejulikana anaweza kulijibu.

Kuheshimu uamuzi hugeuka kuwa: huyu mgonjwa mwenyewe anataka nini, na ameelezwa kiasi gani hata aweze kutaka? Anayejibu ni mgonjwa. Kumtendea jema: kuna tiba gani, na inaweza kumpa nini hasa, kupona, kuongeza muda au kupunguza maumivu? Anayejibu ni daktari bingwa akiwa na majibu ya vipimo mkononi. Kutomdhuru: tukifanya hivi ataumia wapi, na tukiacha ataumia wapi? Hapa wanajibu daktari na mgonjwa pamoja, kwa sababu daktari anajua madhara ya mionzi, lakini mgonjwa ndiye anayejua kama kukaa mbali na nyumbani kwa wiki nyingi ni jambo analoliweza. Kutenda haki: nani mwingine anaguswa na uamuzi huu, na je, mtu mwingine mwenye hali kama hii angehudumiwa vivyo hivyo? Swali hilo linajibiwa na wodi, na foleni, na bajeti.

Faida ya kuandika hivi huonekana mara moja. Mwanafunzi anayeuliza "mgonjwa mwenyewe anataka nini" anagundua kwamba katika kisa cha Tanga hakuna aliyemuuliza. Swali la mtihani limeeleza wanachotaka watoto na limeeleza majibu ya maabara. Kuhusu anachotaka mama, kimya. Aliyetunga swali aliacha pengo hilo kwa makusudi.

Kanuni hizi hazina mkubwa wala mdogo. Kila moja inatufunga mpaka pale nyingine itakapoonekana kuwa na uzito zaidi katika kisa hicho, na aliyeipita lazima aseme ni kwa nini. Ndiyo maana mvutano ndio moyo wa somo hili, na ndiyo maana sehemu ya pili ya muhtasari ni mivutano yenyewe. Nayo si mingi kama vitabu vinavyofanya idhaniwe. Visa vingi vya mitihani, na vingi vya wodini, ni ndugu wa familia chache.

Familia moja ni ya siri: mume amepima, ana virusi vya UKIMWI, na hataki mkewe ajue. Siri yake inagongana na usalama wa mtu mwingine. Tanzania ina Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayomtaka aliyejua hali yake amwarifu mwenza wake mara moja, na mwanafunzi asiyeitaja ameacha kitu kikubwa. Familia nyingine ni ya kukataa tiba, na kisa chake maarufu ni cha muumini wa Mashahidi wa Yehova anayekataa kuongezewa damu. Akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, uamuzi ni wake hata kama utamuua. Mgonjwa akiwa mtoto wake wa miaka sita, mizani inageuka, maana imani ya mzazi haiwezi kumfia mtoto. Iko pia familia ya uhaba, ambapo kitanda cha wagonjwa mahututi ni kimoja na wanaokihitaji ni wawili. Hizi nazipita haraka, kwa sababu ile ninayotaka tuikae ni familia ya ukweli, ambamo mama wa Tanga yumo, na ambayo wasomaji wengi wa makala hii watakutana nayo siku moja wakiwa upande wa watoto.

Kwanza niondoe dhana moja. Wanafunzi wangu wengi huandika kwamba kumficha mgonjwa ni desturi ya Kiafrika na kumwambia ni desturi ya Wazungu. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Marekani, Donald Oken, alichapisha matokeo ya kuwauliza madaktari wa hospitali moja ya Chicago kama huwaambia wagonjwa kuwa wana saratani. Asilimia 90 walielekea kutowaambia. Mwaka 1979, mwaka uleule wa kitabu cha kanuni nne, watafiti wengine waliuliza maswali yaleyale katika hospitali ya Rochester, New York, na asilimia 97 wakasema huwaambia. Ulikuwa umepita muda usiofika miaka 20. Katika muda huo tiba za saratani ziliongezeka, mahakama zilianza kudai ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa, na saratani ikaanza kutajwa hadharani. Kabla ya hapo, ushauri wa kumficha mgonjwa mambo mengi ulikuwemo hata katika maandishi ya kale ya Wagiriki yanayohusishwa na Hipokrati. Kwa hiyo kijana wa Tanga anayesema "usimwambie mama" anasema jambo ambalo daktari wa Chicago angelikubali bila ubishi enzi za babu yake.

Sasa hatua. Ziko orodha nyingi, na mimi sina ugomvi na yoyote. Iliyo maarufu zaidi katika hospitali ni ya Jonsen, Siegler na Winslade ya mwaka 1982, ambayo inagawa kisa katika visanduku vinne: ugonjwa na tiba, matakwa ya mgonjwa, ubora wa maisha yake, na mazingira yanayomzunguka. Ninachosisitiza ni mpangilio: ukweli wa kisa utangulie kanuni. Mwanafunzi anayeanza na kanuni huwa amekwisha kuamua kabla ya kusoma swali hadi mwisho.

Hatua ya kwanza basi ni ugonjwa wenyewe. Hatua ya pili B maana yake saratani imevuka mlango wa kizazi na kuingia kwenye nyama za jirani, lakini haijafika kwenye ukuta wa nyonga. Kwa kawaida hapo upasuaji si njia inayochaguliwa. Tiba ni mionzi ya nje, mara nyingi vipindi 25 hivi kwa wiki tano, siku tano kila wiki, pamoja na dawa ya sisplatini mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani inayopitishwa ukeni. Lengo lake bado ni kuponya. Kutoka Tanga, mama huyu atapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Atapata uchovu, huenda ataharisha, mkojo utamchoma, na uke unaweza kubana baadaye. Figo zake zitapimwa kwa sababu sisplatini huziumiza, na kwa sababu uvimbe wenyewe unaweza kuziba mirija inayoleta mkojo kutoka kwenye figo.

Mwanafunzi ataniuliza, haya yote yanahusianaje na maadili? Yanahusiana kwa kila kitu. Ukishajua kwamba tiba ni zaidi ya wiki tano za mionzi katika hospitali ambayo kila mtu mjini anajua ni ya saratani, ile hoja ya "mwambie ni uvimbe tu" inaanza kubomoka yenyewe. Uongo huo utaishi mpaka asubuhi ya kwanza kwenye benchi la foleni, mama wa pembeni atakapomuuliza, "Wewe yako iko wapi?" Au utaishi mpaka ndani ya basi, atakapoifungua barua ya rufaa aliyokabidhiwa aibebe mwenyewe. Na fomu ya ridhaa ya mionzi ataisainije mtu asiyejua anatibiwa nini? Saini anayoweka mtu aliyedanganywa si ridhaa, hata iwe na mhuri.

Katika hatua hiyohiyo tunapima dai la kijana kuhusu presha. Dai hilo halipaswi kubezwa, kwa sababu limejengwa juu ya kanuni ya kutomdhuru, hata kama mwenyewe hajui jina lake. Lakini ni dai la ukweli, na dai la ukweli huchunguzwa. Presha yake ni ngapi? Anatumia dawa? Amewahi kupata kiharusi, au msongo mkubwa wa mawazo, au kutaka kujidhuru? Tuseme faili linaonyesha 150 kwa 90, dawa anakunywa, na hakuna historia nyingine. Presha hiyo inadhibitiwa kwa kurekebisha dawa. Majonzi atakuwa nayo, lakini majonzi ya mtu aliyepata habari mbaya hayahesabiki kuwa madhara ya kumnyima habari hiyo.

Hatua ya pili ni mtu mwenyewe. Je, ana uwezo wa kuamua? Hapa Paul Appelbaum na Thomas Grisso walitupatia mwaka 1988 kipimo ambacho kinatumika mpaka leo, nacho ni mambo manne: aelewe anachoambiwa, atambue kwamba kinamhusu yeye, aweze kupima faida na hasara, na atamke uamuzi wake. Umri haumo katika orodha, wala kisomo. Mama asiyejua kusoma anaweza kuyatimiza yote, na profesa mwenye homa kali anaweza kushindwa yote. Uwezo huo pia hupimwa kwa uamuzi ulio mbele yake, siku hiyo, haupewi mtu kama cheti cha kudumu.

Kisha tunauliza mama anajua nini tayari, na amewahi kusema nini. Darasani sehemu hii tunaiigiza, mmoja akiwa daktari, mwingine mgonjwa, na mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, majibu ya kile kipimo yamerudi. Kabla sijasema lolote naomba nikuulize, wewe mwenyewe unafikiri una tatizo gani?"

"Nimemuuguza dada yangu mimi. Damu yake ilianza hivihivi."

"Pole, mama. Wapo wagonjwa wanaopenda kuelezwa kila kitu wenyewe, na wapo wanaopenda tuzungumze na watoto wao. Wewe ungependa tufanyeje?"

"Niambie mimi. Lakini yule mkubwa naye awepo, asije akasema nilisikia vibaya."

Tazama kilichotokea. Daktari hajataja ugonjwa, hajavunja ombi la watoto, hajamdanganya mtu, na tayari ana jibu la swali lililokuwa gumu kuliko yote. Mama alikuwa anashuku. Wagonjwa wengi hushuku, na wanapoona nyuso za wanao zinabadilika kila daktari anapopita, shaka inakua bila mtu wa kuisema naye. Watoto wanadhani wanamkinga. Mara nyingi mama naye anajifanya hajui ili kuwakinga wao, na nyumba nzima inaigiza.

Hatua ya tatu ni kuandika mvutano kwa sentensi moja. Wanafunzi huiona ni kazi ndogo, na ndipo wengi wanapoteleza. Wanaandika "mgonjwa dhidi ya familia", kana kwamba ni mechi. Sentensi nzuri ingekuwa hivi: wajibu wa kumweleza mama mwenye uwezo wa kuamua, ili aridhie tiba nzito inayoweza kumponya, unavutana na hofu ya watoto kwamba habari hiyo itamdhuru. Ukiiandika hivyo utaona kwamba pande zote mbili zinatafuta mema ya mtu mmoja. Hilo litakusaidia baadaye namna ya kuzungumza na watoto.

Hatua ya nne ni sheria na miongozo, na hapa inatosha kuangalia jirani. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, na haki yake ya kukataa, tena kwa lugha anayoielewa. Inaacha mlango mmoja: anaweza kutoelezwa hali yake pale panapokuwa na ushahidi wa kutosha kwamba kuelezwa kutakwenda kinyume na maslahi yake. Mlango huo ni mwembamba. Ombi la watoto peke yake halipiti hapo. Daktari angehitaji kitu kilichochunguzwa, mfano mgonjwa aliyejaribu kujiua mwezi uliopita, na hata hapo kwa kawaida jibu huwa kuahirisha na kumwita mtaalamu wa afya ya akili. Kuficha moja kwa moja ni jambo jingine kabisa.

Hatua ya tano ni kutandaza njia zilizopo, na zisiwe mbili. Mwanafunzi anayeona mbili tu, kusema au kuficha, bado hajafika. Ya kwanza ni kuwatii watoto na kudanganya. Tumeona haifiki mbali, na ikigundulika mama hatamwamini tena daktari wala wanawe, wakati ambapo anawahitaji wote kwa wiki nyingi za tiba. Ya pili ni kuwapuuza watoto na kumwambia mama siku hiyohiyo, peke yake, kitandani. Kwenye karatasi ni halali, lakini inamkosesha nguzo zake, na inawageuza walipaji na wauguzaji kuwa wapinzani. Ya tatu ni kukaa na watoto kwanza, kusikiliza wanachokiogopa hasa, kuwaeleza kwamba daktari hatamlazimisha mama kusikia asichotaka lakini hatamdanganya akiuliza, kisha kumuuliza mama anataka kujua kiasi gani, na kufuata jibu lake.

Hatua ya sita ni kuchagua na kusema sababu. Mimi nachagua ya tatu, na jibu lenye alama nyingi huichagua pia, ila halitoi alama hizo kwa kuichagua tu. Linasema kwa nini kutomdhuru hakukushinda hapa: dai la presha lilichunguzwa na halikusimama. Linasema kuheshimu uamuzi kunapata uzito zaidi kwa sababu tiba ni ndefu, ina madhara, na bila ukweli hakuna ridhaa. Linaeleza watoto wataambiwa nini, kwa mfano: "Nimewaelewa, na mimi sitaki aumie. Sitamtupia habari hii mlangoni. Nitamuuliza anachopenda kujua. Akiniuliza wazi, siwezi kumwambia uongo, kwa sababu kesho atanihitaji aniamini." Na linaandika faili: nani aliomba nini, mama aliulizwaje na alijibu nini, nani alikuwepo, na lini watakutana tena. Uamuzi ambao haukuandikwa utavurugwa na zamu ya usiku, muuguzi asiyejua habari atakapomwambia mama kwa nia njema kwamba ni uvimbe tu.

Kuna njia moja ya kujua kama muhtasari wako umekaa sawa: badilisha jambo moja tu katika kisa na uone kama jibu lako linatikisika mahali panapostahili. Tuseme uvimbe umeziba mirija ya mkojo, figo zimelegea, sumu zimejaa mwilini, na mama amechanganyikiwa, hajui ni asubuhi au jioni. Hapo ugonjwa si hatua ya pili B tena. Kipimo cha Appelbaum na Grisso hakipiti. Watoto wanaingia kwenye nafasi ya kuamua, lakini swali wanaloulizwa ni "mama yenu angetaka nini?", halikuwi "ninyi mnataka nini?" Na kwa kuwa figo zinaweza kufunguliwa njia, uamuzi unaoweza kusubiri unasubiri, mpaka akili imrudie aulizwe mwenyewe. Mwanafunzi ambaye jibu lake halibadiliki hapa alikuwa amekariri.

Au badilisha mlipaji. Kijana mkubwa anasema, "Ukimwambia, sitoi hata senti, na leo hii namrudisha nyumbani." Jibu la kimaadili halibadiliki, lakini kazi ya vitendo inabadilika sana: ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali inaingia, msamaha wa gharama unatafutwa, na mtu mwingine wa familia, pengine mjomba au imamu wa msikiti wao, anaombwa kuzungumza na kijana. Kanuni ya haki, ambayo ilikuwa kimya tangu mwanzo, hapa ndipo inapozungumza. Haki ya kujua ugonjwa wako isitegemee pochi ya mwanao.

Badiliko ninalolipenda kuliko yote ni hili, kwa sababu huwakwamisha hata waliojibu vizuri. Mama anaulizwa anataka kuelezwa kiasi gani, naye anasema: "Mwanangu, mimi sitaki kujua jina lake. Zungumza na mwanangu mkubwa, atakaloamua yeye nimeridhia." Wanafunzi wengi hapa hugeuka wakali, wanaandika kwamba ni lazima aelezwe kwa sababu ni haki yake. Lakini kuheshimu uamuzi wake kunajumuisha uamuzi wa kutojua, na kumkabidhi mwana jukumu ni uamuzi kamili, ilimradi ameutoa yeye mwenyewe na hakushinikizwa. Kumlazimisha kusikia kungekuwa kuivunja kanuni kwa jina la kanuni.

Hata hivyo, tiba haiwezi kuanza kwa mtu asiyejua chochote. Kwa hiyo daktari anatenganisha jina la ugonjwa na mambo yatakayoupata mwili wake. Anamweleza mama kwamba ana ugonjwa mzito usiopona bila tiba, kwamba atakwenda Dar es Salaam kwa wiki kadhaa, atalazwa chini ya mashine bila kusikia maumivu, atachoka, huenda tumbo litamsumbua, na kwamba anaweza kusema hapana siku yoyote. Anamtahadharisha pia kwamba huko aendako hospitali inajulikana kwa ugonjwa wa aina moja, na watu watazungumza. Halafu anamuuliza tena kama bado anapenda mambo yaende kwa mwanawe. Uamuzi huo unaandikwa kwenye faili pamoja na maagizo kwamba aulizwe upya kabla ya safari, na tena kila wiki anapochomwa sisplatini, kwa sababu mtu aliyekataa kujua Jumatatu anaweza kutaka kujua Alhamisi.